Simu inasema imeshuka, karatasi inasema imepanda: jinsi ya kusoma ukurasa wa bei ya hisa

Binamu yangu alinipigia saa tisa alasiri kasoro kidogo akiwa amepaniki, bana hisa zetu zimeshuka, skrini ni nyekundu. Saa kumi na mbili jioni nikafungua orodha ya bei za siku, ile ya Soko la Hisa la Nairobi, nikaona kaunta ile ile, yaani hisa ya kampuni ile ile, imeandikwa imepanda asilimia moja. Nikamtumia picha. Akanitumia yake. Tukaanza kubishana kama watu wanaoangalia mechi mbili tofauti, na kumbe wote tulikuwa sahihi, yaani hakuna aliyekuwa amekosea hata senti.

Sasa hii ndo shida ya ule ukurasa wa bei, una namba kama saba hivi zimepangwa vizuri na kila mtu anadhani anazielewa kwa sababu majina yake ni mepesi, ya kufungua, ya juu, ya chini, basi. Lakini kila namba inajibu swali lake na ukiuliza swali la namba moja kwa namba nyingine ndo unapata vile tulivyopata mimi na binamu. Ntatumia siku moja ya mfano, namba nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, si kampuni yoyote, ila utaratibu ni ule ule wa Nairobi. Ukurasa ulikuwa hivi dakika chache kabla soko lifungwe:

```
Prev Close     20.00
Open           20.40
High           21.80
Low            19.90
Last           19.90   -0.10  (-0.50%)
Volume         70,100
52 Wk Range    14.50 - 24.00
```

Anza na `Prev Close`, manake hiyo ndo kigingi ambacho ng'ombe wengine wote wamefungiwa. Ni bei ya kufungia ya siku ya soko iliyopita, kwa hiyo ukiwa Jumatatu ni ya Ijumaa, na kama Ijumaa ilikuwa sikukuu basi ni ya Alhamisi. Ile rangi nyekundu au kijani na ile asilimia pembeni yake hupimwa kutoka hapo. Si kutoka bei ya kufungua asubuhi, watu wengi sana wanachanganya hapa. Kwenye mfano wetu hisa ilifungua 20.40 na sasa iko 19.90, mtu aliyenunua asubuhi ameshapoteza senti 50 kwa kila hisa, lakini ukurasa unasema imeshuka senti 10 tu kwa sababu unalinganisha na jana, haujui wewe ulinunua saa ngapi na wala haujali.

Hiyo namba ya jana Nairobi ina kazi nyingine pia. Kwa kawaida bei ya kaunta hairuhusiwi kwenda zaidi ya asilimia 10 juu au chini ya bei ya kufungia ya jana, kwa hiyo jana ikiwa 20.00 leo uwanja wa kuchezea ni kutoka 18.00 mpaka 22.00. Ukiweka oda ya kununua kwa 22.50 mfumo unaikataa tu. Ndo maana ukiona `High` imegonga hiyo asilimia 10 kabisa usiseme "soko limeamua thamani yake ni hii", soko lilizuiwa na ukuta, pengine lingeenda mbali zaidi, utajua kesho.

Alafu `Open`. Nairobi oda zinaanza kupokelewa saa tatu asubuhi lakini biashara yenyewe inaanza saa tatu na nusu. Katika ile nusu saa wanunuzi na wauzaji wanarundika oda zao bila kuuziana, ndipo mfumo unatafuta bei ambayo itakutanisha hisa nyingi iwezekanavyo, na hiyo ndo inakuwa bei ya kufungua. Kwa hiyo bei ya kufungua si bei ya jana imeendelezwa, ni matokeo ya usiku mzima wa watu kufikiria, kusoma taarifa ya kampuni iliyotoka jioni, kusikia dola imefanya nini. Pengo kati ya `Prev Close` na `Open`, hapa senti 40, ni habari iliyoingia soko likiwa limelala. Ukiona pengo kubwa nenda katafute tangazo, karibu kila mara lipo. Na kama kaunta ni ya wale wasiouziana sana, inaweza kukaa hadi saa tano bila mtu, kwa hiyo "ya kufungua" ikawa ni ya saa tano, haina uhusiano wowote na asubuhi. Kurasa nyingine zinaacha mstari mtupu hapo, nyingine zinajaza bei ya jana kana kwamba ilifungua vile vile, na hiyo ni kudanganya kwa upole.

`High` na `Low` ni bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ambayo hisa iliuzwa leo. Iliuzwa, yaani pesa ilibadilishana mikono. Kama mtu alikuwa anaomba 21.90 na hakuna aliyempa, hiyo haihesabiki. Hadi hapo ni rahisi. Shida ni kwamba hizi namba mbili hazisemi hisa ngapi ziliuzwa kwa hiyo bei, inaweza kuwa milioni, inaweza kuwa mia moja, na hapa ndo lazima tuingie ndani ya siku yenyewe.

Siku yetu ya mfano ilikuwa na mauzo matano tu. Saa tatu na nusu ziliuzwa hisa 5,000 kwa 20.40, hiyo ndo kufungua. Saa nne na robo hisa 2,000 kwa 20.60. Kwenye saa sita kasoro hivi jamaa mmoja aliyekuwa na haraka akaweka oda ya kununua hisa 100 kwa bei yoyote itakayopatikana, na kwa bahati mbaya yake wauzaji wa karibu walikuwa wameisha, aliyebaki kwenye foleni alikuwa anaomba 21.80, mfumo ukamuuzia kwa 21.80. Saa saba mchana akaja mnunuzi mkubwa, labda mfuko wa pensheni, akachukua 60,000 kwa 20.20. Na saa tisa kasoro dakika kumi mtu akauza 3,000 kwa 19.90, hayo ndo yakawa mauzo ya mwisho.

Sasa rudi uangalie ukurasa. Ile 21.80 inayokaa pale juu kwa madaha kama kilele cha siku imetengenezwa na mtu mmoja aliyenunua hisa mia moja, jumla shilingi 2,180, pesa ya viatu vya mtumba vya kueleweka. Ukiiangalia peke yake utasema hisa ilipanda karibu asilimia 9 mchana alafu ikaporomoka. Hakuna kilichopanda wala kuporomoka, ni foleni ya wauzaji ilikuwa na shimo na mtu akatumbukia. (Nimeshawahi kuwa huyo mtu. Niliweka oda ya aina hiyo kwenye kaunta ndogo, nikanunua kwa bei ambayo hadi miezi minane baadaye hakuna mwingine aliyewahi kuilipa. Tangu siku hiyo naandika bei yangu kwenye oda, hata kama nataka hisa kumi.)

Ndo maana `Volume` haiwezi kusomwa kama namba ya pembeni. Ni idadi ya hisa zilizobadilisha mikono tangu soko lifunguliwe, hapa 70,100. Kwanza tuondoe makosa mawili. Watu husema "volume imepanda, watu wananunua sana". Hapana, kila hisa iliyonunuliwa kuna mtu aliiuza, zile 60,000 za saa saba zinahesabiwa mara moja, wala si 60,000 za wanunuzi jumlisha 60,000 za wauzaji. Namba kubwa inakuambia tu watu wengi wamekubaliana kufanya biashara kwa bei hizo, haikuambii nani alikuwa na hamu zaidi. La pili, ni idadi ya hisa, si pesa. Hisa 70,100 za kampuni ya shilingi 20 ni kama milioni 1.4, hisa 70,100 za kampuni ya shilingi 2 ni laki na nusu kasoro, kwa hiyo usilinganishe kaunta na kaunta kwa kuangalia `Volume` tupu, linganisha kaunta na yenyewe, leo na wastani wake wa mwezi au miezi mitatu.

Na hata hiyo 70,100 ukiipasua unakuta 60,000 ni muamala mmoja. Yaani siku ilionekana ina shughuli lakini kiukweli palikuwa na watu kumi hivi kwa makadirio ya juu. Kurasa nyingine zinaonyesha pia idadi ya miamala, ukiiona itumie, gawanya hisa kwa miamala. Kaunta kama Safaricom hautapata tabu hii, ina hisa zaidi ya bilioni 40 na kila siku kuna watu wanauziana, bei ya juu na ya chini ya siku zinakaa karibu karibu na kila bei ina watu nyuma yake. Tabu iko kwenye kampuni ndogo za Nairobi, na Dar vile vile, kuna kaunta zinapita siku kadhaa bila hisa hata moja kuuzwa. Hapo ukurasa unabeba bei ya zamani mbele, leo 12.00, kesho 12.00, keshokutwa 12.00, mtu anasema hii hisa imetulia kweli. Haijatulia, hakuna mtu. Dalili ni `Volume` kuwa sifuri na `Open`, `High` na `Low` kuwa na mistari au zote kuwa namba moja. Ukiwa na hisa 10,000 za kampuni ambayo siku ya kawaida zinauzwa 800, ile thamani unayopiga kwenye kikokotoo, bei mara hisa zako, ni ya kwenye karatasi tu, siku ukitaka kutoka ama utauza kwa wiki mbili tatu kidogo kidogo ama utashuka bei mwenyewe hadi upate mtu.

Haya turudi kwa ugomvi wangu na binamu sasa maana vipande vyote viko mezani.

Yeye aliangalia `Last`, bei ya mauzo ya mwisho, 19.90, toa 20.00 ya jana, imeshuka senti 10, nusu asilimia, nyekundu. Sahihi kabisa. Mimi jioni niliangalia bei ya kufungia. Na Nairobi bei ya kufungia si bei ya mauzo ya mwisho. Ni wastani wa siku nzima uliopimwa kwa uzito wa hisa zilizouzwa, kwenye skrini za mabroka utaona umeandikwa `VWAP`. Unachukua kila muamala, bei mara idadi, unajumlisha pesa yote, unagawanya kwa hisa zote:

```
 5,000 x 20.40 =   102,000
 2,000 x 20.60 =    41,200
   100 x 21.80 =     2,180
60,000 x 20.20 = 1,212,000
 3,000 x 19.90 =    59,700
--------------------------
70,100           1,417,080

1,417,080 / 70,100 = 20.215
```

Kwa hisa ya bei hii hatua ni senti tano tano, kwa hiyo inakaa 20.20. Toa 20.00 ya jana, imepanda senti 20, asilimia moja kamili, kijani. Nami sahihi kabisa. Siku moja, kaunta moja, rangi mbili.

Ona pia uzito ulivyofanya kazi. Ungejumlisha zile bei tano na kugawanya kwa tano ungepata 20.58, kwa sababu yule wa hisa mia angepewa kura sawa na yule wa elfu sitini. Kwenye hesabu ya uzito mtu wa 21.80 amesukuma wastani kwa sehemu ya robo senti hivi, hajaonekana hata. Naye aliyeuza kwa 19.90 dakika kumi za mwisho hakuweza kuiburuta bei ya siku nzima. Nadhani hii ndo faida ya mfumo huu kwenye soko ambalo kaunta nyingi hazina watu, maana kama bei ya kufungia ingekuwa ni muamala wa mwisho basi mtu mjanja angesubiri saa tisa kasoro dakika moja, ananunua hisa chache kwa bei ya juu, na thamani ya mfuko wake wote inaonekana imepanda usiku huo. Hasara yake ni kwamba siku ambayo habari mbaya imetoka mchana, bei ya kufungia bado imebeba asubuhi ndani yake. Fikiria zimeuzwa hisa 50,000 kwa 20 kabla ya habari na 50,000 kwa 18.50 baada ya habari, karatasi ya jioni itasema 19.25, na hakuna mtu yeyote anayekupa 19.25 muda huo, wote wako 18.50. Ukiona `Last` na bei ya kufungia zimeachana sana, jua ndani ya siku kuna kitu kilitokea, na iliyo karibu na ukweli wa kesho asubuhi mara nyingi ni `Last`, mradi iwe na hisa za kutosha nyuma yake.

Wale mnaonunua hisa za Marekani kwa apu, kule ni tofauti, msibebe hesabu hii. Kule New York soko linafungwa saa kumi jioni kwa saa zao na bei rasmi ya kufungia hupatikana kwa mnada wa mwisho, oda zote za kufungia zinakutanishwa kwa bei moja. Pia wana biashara ya kabla ya kufungua na ya baada ya kufunga, ambayo kwa kawaida haiingii kwenye `Open`, `High` na `Low` za siku. Kwa hiyo mtu anaweza kuona asubuhi hisa imeuzwa dola 95 kabla ya soko, alafu ukurasa mchana unamwambia `Low` ya leo ni 98, anadhani ukurasa umeharibika. Haujaharibika, ile 95 iko nje ya uzio.

Kitu kingine kidogo kabla sijasahau, kurasa nyingi za bure zinachelewa, dakika 15 ni kawaida na nyingine zaidi. Angalia saa iliyoandikwa chini kwa maandishi ya sisimizi kabla haujapiga simu kwa broka.

Tufike kwa `52 Wk Range`, hii ndo inapendwa kuliko zote na ndo inapotosha kuliko zote. Ni bei ya chini kabisa na ya juu kabisa kwa wiki 52 zilizopita, mwaka mmoja unaotembea. Kwenye mfano ni 14.50 hadi 24.00. Watu hupenda kujua hisa iko wapi kwenye hiyo ngazi, na hesabu yake ni nyepesi:

```
(20.20 - 14.50) / (24.00 - 14.50) = 0.60
```

Yaani iko asilimia 60 ya njia kutoka chini kwenda juu. Sawa. Sasa hiyo inakuambia nini? Kidogo sana, kwa sababu haijui mpangilio. Inawezekana hisa ilianza mwaka ikiwa 24, ikaanguka hadi 14.50, ambayo ni karibu asilimia 40 chini, na sasa inajikokota kurudi. Au ilianza 14.50, ikapaa hadi 24, karibu asilimia 66 juu, na sasa imeanza kuteremka. Ni hadithi mbili zilizo kinyume kabisa na ukurasa unakuonyesha mstari ule ule. Fungua chati ya mwaka, ni sekunde tano, uone kipi kilitangulia.

La pili, dirisha linatembea hata hisa ikiwa imelala. Tuseme ile 14.50 ilitokea tarehe 11 Machi mwaka jana na siku zote baada ya hapo hisa haikushuka chini ya 16.80. Ukifungua ukurasa Machi 11 mwaka huu unaona chini ni 14.50, siku mbili tatu baadaye unaona 16.80. Hakuna kilichotokea sokoni, ni kalenda imesukuma siku moja nje ya mlango. Na ghafla ile asilimia 60 yako inakuwa (20.20 - 16.80) gawanya kwa (24.00 - 16.80), ni 47. Hisa "imekaribia chini" bila bei kusogea senti.

Mfano wa kweli ni Safaricom. Iliuzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 5, na Agosti 2021 ilivuka shilingi 40. Ikateremka mfululizo, 2023 ikawa chini ya 15. Sasa mtu aliyefungua ukurasa mwisho wa 2023 kwa mara ya kwanza aliona juu ya wiki 52 ni ishirini na kitu, ile 40 ilikuwa imeshatoka dirishani zamani, kwake yeye hii ilikuwa hisa ya ishirini na kitu iliyopungua. Aliyenunua kwa 40 naye alikuwa amekaa na hasara ambayo ukurasa haukuwa na kumbukumbu nayo. Na wale walioinunua walipoona imegusa chini ya wiki 52 kwa mara ya kwanza, wakisema sasa haiwezi kwenda chini zaidi, walishangaa, kwa sababu hisa inayoteremka inaweka chini mpya ya wiki 52 tena na tena, hiyo ndo maana ya kuteremka. 2025 ikarudi juu ya 25, na ngazi yote ikajiandika upya.

La tatu, kumbuka yule jamaa wa hisa mia. Tuseme juu ya wiki 52 ingekuwa 21.50 badala ya 24. Muamala wake wa shilingi 2,180 ungeandika kilele kipya cha mwaka, na kila orodha ya "hisa zilizofikia kilele" jioni ingeibeba. Kurasa hazikubaliani hapa, nyingine zinachukua bei za juu na chini za ndani ya siku, nyingine zinachukua bei za kufungia tu, kwa hiyo kaunta moja inaweza kuwa na vilele viwili kwenye kurasa mbili na wote wana haki. Kwa kaunta zisizo na watu mi naamini zaidi ile ya bei za kufungia, hapa ingekuwa 20.20 na hakuna kilele chochote.

Na kuna gawio na kugawanya hisa. Kampuni ikilipa gawio, siku ambayo anayenunua hapati tena hilo gawio bei huwa inashuka kwa kiasi kinachokaribiana nalo, kwa sababu pesa imeshatengwa kwenda kwa wa jana. Safaricom kwa mwaka ulioisha Machi 2024 ililipa jumla shilingi 1.20 kwa hisa, senti 55 za katikati na 65 za mwisho, na hisa ikiwa kwenye kumi na kitu hizo senti 65 ni karibu asilimia 4, ukurasa unaweza kuwa mwekundu siku hiyo na wewe hujapoteza kitu, pesa inakuja kwa mlango mwingine. Kugawanya hisa ni kali zaidi. Benki ya Equity 2009 iligawanya kila hisa kuwa kumi, bei ikawa moja ya kumi, na Nvidia ya Marekani ilifanya hivyo hivyo Juni 2024, ikatoka kama dola 1,200 hadi kama 120. Ukurasa mzuri unarekebisha namba za nyuma zote, juu, chini, na ya jana, zigawanywe kwa kumi. Ukurasa mvivu unasahau, na unaona hisa imeshuka asilimia 90 kwa usiku mmoja au juu ya wiki 52 iko mara kumi ya bei ya sasa. Ukiona namba ya kutisha hivyo angalia kama pengo ni la namba nzima, nusu, moja ya tano, moja ya kumi, maana hasara za kweli huwa haziji zimenyooka vile.

Binamu alielewa, au alisema ameelewa. Kesho yake saa nne akanipigia tena, hisa imeuzwa 20.00, na simu yake inasema imeshuka senti 20, asilimia 0.99. "Lakini jana niliiacha 19.90, si imepanda senti kumi?" Nikamwambia angalia `Prev Close` imeandikwa ngapi. Kimya kidogo. "20.20." Alafu akauliza kama bado ninazo zile hesabu za jana nimtumie tena.